Baridi Imesingiziwa

Mei ikielekea ukingoni, kuanzia Njombe mjini hadi Makete ushauri huwa mmoja: ziba banda la ndama. Mwenye mabanzi anapigilia mabanzi, mwenye turubai anashusha turubai, na asiye na kimojawapo anashona viroba vya mbolea na kuvitundika kutoka kwenye bati hadi sakafuni. Anayeacha upenyo anaonekana mzembe. Ndama akianza kukohoa Julai, jirani wa kwanza kufika hutafuta ule upenyo, na akiupata hukumu imeshatoka: baridi iliingia hapa.

Mimi naipinga hukumu hiyo. Sehemu kubwa ya nimonia ninayoiona kwenye mabanda ya nyanda za juu hailetwi na baridi iliyoingia. Inaletwa na hewa chafu iliyokatazwa kutoka. Tena mfugaji yule yule anayeziba juu kwa bidii zote huacha wazi chini, pale pale ubavu wa ndama unapolala. Kwa hiyo ndama wake anapata hasara mbili: anapigwa na upepo na anakosa hewa.

Nianze na hoja ya wanaoziba, maana haikutoka hewani. Ni kweli ndama mchanga huumizwa na baridi. Akiwa na umri wa chini ya wiki tatu, joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, sehemu ya maziwa anayokunywa huacha kujenga mwili na kuanza kuchomwa ili kumpasha moto. Usiku wa Juni pale Njombe hushuka chini ya kiwango hicho bila shida, na kule Kitulo hata barafu nyembamba hutanda kwenye majani. Ndama anayetumia maziwa yake kujipasha moto hubakiwa na kinga hafifu, hasa kama alipozaliwa alicheleweshewa dang'a. Ni kweli pia kwamba vifo huongezeka miezi hiyo. Hayo yote nayakubali.

Nisichokikubali ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa vifo huongezeka wakati wa baridi, basi baridi ndiyo muuaji. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo mabanda huzibwa, matandiko hulowa kwa ukungu na manyunyu, na ndama hufungiwa pamoja mchana kutwa. Ukitaka kujua lipi kati ya hayo lina lawama kubwa, tafuta mahali ambapo baridi ni kali kuliko yetu lakini ndama hawakufungiwa. Mahali hapo papo. Katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, ambako Januari maji hugeuka barafu ndani ya ndoo, wafugaji wengi hulea ndama nje, kila mmoja kwenye kibanda chake kidogo kilicho wazi mbele, juu ya majani makavu mengi. Nje kuna theluji, na mapafu ya ndama hao mara nyingi ni mazima kuliko ya wenzao waliofungiwa kwenye majumba yenye joto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walilifuatilia jambo hili ndani ya mabanda 13 ya ndama wakati wa kipupwe, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006. Walipima vijidudu vilivyoelea hewani, wakawakagua ndama mmoja mmoja. Ugonjwa ulikuwa mdogo pale palipokuwa na vijidudu vichache hewani, palipokuwa na ukuta mzima kati ya ndama na ndama, na pale ambapo ndama alikuwa na matandiko ya kutosha kujizika. Waligundua pia kitu ambacho kingepaswa kutushtua sisi wa viroba: hewa ya ndani ya kizimba ilikuwa chafu kuliko hewa ya njia ya kupita watu, hatua chache tu kutoka hapo, ndani ya jengo lile lile. Kadiri kizimba kilivyozungushiwa kuta pande nyingi, ndivyo hewa yake ilivyozidi kukwama. Jengo linaweza kuwa na madirisha mazuri, lakini ndama akakosa hewa kwa sababu amewekwa ndani ya sanduku.

Sasa tuingie kwenye banda lililozibwa, saa kumi na moja alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Usiku kucha ndama wamepumua na kukojoa. Mvuke wao umepanda, umekutana na bati lililopoa, umegeuka matone na kuwadondokea mgongoni. Mkojo uliochanganyika na kinyesi umetoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Binadamu aliyesimama huisikia kidogo na kusema ni harufu ya kawaida ya banda. Apige magoti na kuweka pua yake pale ilipo pua ya ndama aliyelala, akae hapo dakika mbili. Macho yakianza kumwasha, basi ajue ndama amevuta hewa hiyo tangu magharibi.

Njia ya hewa ya ndama imefunikwa kwa ute na vinyweleo vidogo sana vinavyofagia. Kila kijidudu kinachoingia hunasa kwenye ute, na vinyweleo vinausogeza kurudi kooni ili umezwe. Amonia huvidhoofisha vinyweleo hivyo. Virusi navyo, ambavyo ndama huambukizana kwa urahisi wakibanana, huvunja kile kilichobaki. Hapo ndipo bakteria ambao kwa kawaida hukaa puani bila madhara, kama pastorela na jamaa yake manhaimia, hushuka hadi kwenye mapafu na kuanza kazi. Hawakuletwa na upepo kutoka milima ya Livingstone. Walikuwemo puani mwa ndama siku zote, na hewa yenye unyevu huwapa wale walioelea maisha marefu zaidi kabla hawajafa.

Yapo mabanda makubwa ambayo hewa hujitoa yenyewe kwa sababu ng'ombe wazima hutoa joto jingi linalopanda na kusukuma uchafu nje kupitia kofia ya paa. Ndama watatu au wanne wa wiki chache hawana joto la kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo hata ukiacha tundu dogo juu, hewa haitatoka kwa kutegemea joto lao. Inabidi upepo wa nje usaidiwe kupita juu ya vichwa vyao, uingie upande mmoja wa upenu na kutokea wa pili.

Na hapa ndipo wapinzani wangu huruka: “Upepo! Si ndio huo tunaoukimbia?” Hapana. Kinachomdhuru ndama ni upepo unaopita mwilini mwake akiwa amelala, hasa akiwa amelowa. Hewa inayosogea pale alipolala ikizidi mwendo wa sentimita 30 hivi kwa sekunde, siku ya baridi, inaanza kumnyang'anya joto. Mita moja na nusu juu yake, hewa hiyo hiyo ikienda kwa kasi mara kumi haimgusi, na ndiyo inayobeba mvuke, amonia na vijidudu. Kwa maneno mengine tunahitaji utulivu chini na mwendo juu, na mabanda yetu mengi yamejengwa kinyume chake.

Tazama banda la kawaida la ndama kwa mfugaji wa ndani. Limeinuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake ni mbao zilizoachana vidole viwili ili mkojo na kinyesi vidondoke. Kwa usafi wazo ni zuri. Lakini chini ya zile mbao pako wazi pande zote nne, na upepo wa kusini mashariki wa Juni na Julai hupita humo, hubanwa kwenye mianya na kutokea kwa nguvu kwenye tumbo la ndama. Mwenye banda anakuja, anahisi baridi, anaongeza kiroba kingine juu. Kesho yake baridi iko pale pale na harufu imeongezeka.

Banda moja la aina hiyo nililitazama kwa karibu, la mama mmoja mwenye ndama wanne, pembeni kidogo ya Njombe mjini. Lilikuwa na ukubwa wa mita tatu kwa nne, sakafu imeinuliwa kama sentimita 40, viroba vimeshuka kutoka kwenye bati hadi kwenye mbao bila kuacha nafasi ya mkono. Alfajiri bati lilikuwa linadondosha maji, na misumari ya paa ilikuwa imepata kutu upande wa ndani, ingawa paa halikuvuja. Ukiona kutu ya namna hiyo, huhitaji ushahidi mwingine kwamba mvuke hautoki.

Tuliwasha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka, tukaishika mkononi bila kuiweka chini kwa kuogopa majani makavu. Moshi wake ndio kipimo. Tulipoishika usawa wa pua ya ndama aliyelala, moshi ulikatwa na kutupwa pembeni: upepo unatoka chini. Tulipoiinua hadi karibu na bati, moshi ulipanda, ukajikunja na kubaki pale pale ukielea. Kwa moshi wa dawa ya mbu wa bei ya chini tukawa tumepata majibu yote mawili ambayo mama yule alikuwa akiyabishania na jirani zake kwa misimu kadhaa.

Kazi ya kurekebisha ilichukua mchana mmoja. Viroba vilikatwa kutoka juu, ukabaki ukuta mzima wenye urefu wa mita 1.2 kutoka sakafuni, yaani juu kidogo ya mgongo wa ndama aliyesimama. Kutoka hapo hadi kwenye bati paliachwa wazi pande zote mbili ndefu. Upande unaopigwa na upepo palitundikwa wavu wa kivuli, kwa kuwa kizuizi chenye matundu hupunguza kasi ya upepo bila kuuzuia, ilhali ukuta mzima huufanya uruke juu na kuanguka ndani kwa kuzunguka. Chini ya sakafu, upande wa upepo ulipigiliwa mabanzi hadi ardhini, na upande wa pili ukaachwa wazi ili samadi iondolewe kila siku. Samadi ikirundikana chini ya mbao, amonia itapanda humo humo na kazi yote itakuwa bure.

Kisha matandiko. Juu ya zile mbao palitandazwa nyasi kavu hadi unene wa sentimita 15, zikaongezwa kila zilipolowa. Njombe ina viwanda vya mbao kila kona, na maranda yanafaa sana kwa tabaka la chini kwa sababu hunyonya mkojo. Unga wa msumeno usitumike, maana vumbi lake huingia mapafuni. Kipimo cha matandiko ni rahisi: ndama akilala, miguu yake isionekane vizuri. Ikionekana yote, amelala kwenye mbao, hata kama unaona nyasi. Kipimo cha ukavu ni magoti yako: piga magoti hapo ukiwa na suruali safi, uinuke, utazame kitambaa.

Kwa ndama wa wiki ya kwanza na ya pili, wale ambao baridi huwaumiza kweli, dari dogo la ubao liliwekwa juu ya kona moja, kama mita moja kutoka sakafuni. Joto lao linabaki chini yake, nao wanaweza kutoka wakitaka hewa. Ndama mchanga avalishwe gunia kavu lililofungwa kifuani na tumboni, livuliwe mara likilowa. Aongezwe maziwa, nusu lita hadi lita moja kwa siku wakati wa baridi kali. Hivyo ndivyo baridi inavyopigwa vita, kwa tumbo lililoshiba na mahali pakavu pa kulala. Hakuna kati ya hayo linalodai uzibe upenu.

Dhana ya pili ninayoipinga ni ndugu wa ile ya kwanza: kwamba nimonia huanza na kikohozi. “Hajakohoa bado, tumwangalie.” Ndama wengi hupata homa siku moja au zaidi kabla ya kikohozi cha kwanza, na wengine hufika pabaya bila kukohoa kabisa. Anayesubiri kikohozi anasubiri mapafu yaanze kujaa. Sehemu ya pafu iliyojaa usaha na kuwa ngumu kama ini haitarudi yote kuwa pafu.

Dalili za mwanzo ni za tabia, na anayezijua vizuri zaidi ni yule anayebeba ndoo ya maziwa. Ndama aliyezoea kuimaliza kwa pupa leo anasimama katikati, anainua kichwa, anarudi tena. Wenzake wanapoinuka mlango ukifunguliwa, yeye anabaki amelala sekunde kadhaa, na akiinuka hajinyooshi. Sikio moja limelegea kidogo. Jicho lina machozi, pua ina maji maji meupe ambayo bado hayajawa mazito. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake, lakini zikiwa mbili kwa ndama mmoja, kipimajoto kitoke mfukoni.

Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Pima asubuhi kabla jua halijamchoma, kiingizwe njia ya haja kubwa kikiegemea ukuta wa ndani, si katikati ya kinyesi, hadi kilie. Ndama mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Akivuka 39.5 asubuhi ya baridi akiwa ametulia, ana jambo. Kisha hesabu pumzi kabla hujamsumbua: tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Zikizidi 40 kwa ndama aliyelala mahali pa baridi, mapafu yanafanya kazi ya ziada. Wataalamu wa Wisconsin wametengeneza utaratibu wa kutoa alama kwa pua, macho, masikio, kikohozi na joto, kila kimoja kutoka sifuri hadi tatu, na ndama mwenye jumla ya tano au zaidi, kati ya macho na masikio ikihesabiwa ile alama kubwa tu, huchukuliwa kuwa mgonjwa wa mapafu. Si lazima uandike alama, lakini mpangilio huo unakufundisha kutazama vyote vitano, wala si kusikiliza kikohozi peke yake.

Tahadhari moja isirukwe. Katika nchi yetu homa na kuhema kwa ndama vinaweza kuwa ndigana kali, hata kwa ndama asiyetoka bandani, kwa sababu kupe huletwa ndani pamoja na majani yaliyokatwa. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba, dawa za bakteria hazitamponya, na kila siku unayopoteza kwa sindano za nimonia inampeleka karibu na kaburi. Huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na dawa nyingine kabisa.

Na jambo jingine ambalo hufanywa kwa nia njema: kumshika ndama anayehema, kumwinua kichwa na kumimina chupa ya mitishamba au mafuta kooni. Anayehema hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Kinachoingia kwenye pafu lililokwisha kuugua ni hayo mafuta.

Sasa dhana ya tatu, ambayo kwangu ndiyo mbaya kupita zote kwa sababu inavaa joho la kitaalamu: “Mpige sindano moja ya siku tatu, akinyonya amepona.”

Turudi kwa yule mama, maana mmoja wa ndama wake ndiye aliyeanzisha safari yangu ya kwenda pale. Alikuwa jike la wiki saba. Jumatatu hakumaliza maziwa. Jirani anayejua kupiga sindano akampa mililita nne kutoka kwenye chupa ya oksitetrasaiklini, akasema ni ya siku tatu. Jumanne ndama alinywa vizuri. Jumatano alibakisha kidogo. Alhamisi hakuinuka.

Chupa ilipotolewa ilikuwa ya asilimia 10. Chupa ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu na ile ya asilimia 10 hufanana rangi na umbo, na vipimo vyake kwa kawaida ni sawa, mililita moja kwa kila kilo 10. Lakini ya kwanza hufanya kazi kama siku tatu, na ya pili hutakiwa kurudiwa kila siku kwa siku tatu hadi tano. Isitoshe, utepe wa kifuani ulionyesha ndama ana kilo 62. Alistahili mililita sita. Kwa hiyo alikuwa amepata theluthi mbili ya dozi ya siku moja, kisha akaachwa siku mbili mtupu. Bakteria waliobaki ni wale waliokuwa wagumu zaidi.

Alhamisi asubuhi joto lilikuwa 40.7, pumzi 68, masikio yote mawili chini, kamasi nzito puani. Tezi hazikuvimba. Daktari wa mifugo alichagua florfenikoli, sindano mbili zinazopishana saa 48, yaani Alhamisi na Jumamosi, pamoja na sindano moja ya meloksikamu ya kupunguza homa na maumivu. Maziwa yake yaligawanywa mara nne kwa siku badala ya mbili, na maji ya uvuguvugu yakawekwa karibu naye.

Ijumaa joto lilikuwa 39.2 na ndoo ikaisha. Mama akampigia simu daktari.

“Daktari, huyu amepona. Kesho usihangaike, na hela ya sindano nayo si kidogo.”

“Mama, iliyomshusha homa ni ile dawa ya maumivu. Kesho itakuwa imeanza kwisha, ndipo tutajua.”

Mazungumzo haya hufanyika kila wiki mahali fulani, na kwa kawaida anayeshinda ni mwenye hela yake. Mara hii daktari alishinda. Jumamosi asubuhi joto lilikuwa limerudi 39.6. Sindano ya pili ikapigwa. Jumapili 39.3, Jumatatu 39.0, Jumanne 38.9. Kama angeachwa Ijumaa, tungekuwa tunahesabu mara ya tatu ya ugonjwa ule ule, kwa dawa dhaifu zaidi na pafu dogo zaidi.

Tazama pia pumzi. Joto lilikuwa sawa kufikia Jumatatu, lakini pumzi zilikuwa bado 52. Zilishuka hadi 44 mwishoni mwa wiki hiyo, na zikafika 36 wiki iliyofuata. Homa huondoka mapema, pafu husafishwa taratibu. Ndama wa namna hiyo akikimbizwa, akisafirishwa au akirudishwa kwenye banda lililozibwa katika siku hizo, huanguka upya, na watu husema dawa ilikuwa feki. Wakati mwingine ni kweli ilikuwa feki. Mara nyingi zaidi banda ndilo lilimrudisha.

Wale wengine watatu tuliwapima Alhamisi ile ile, ingawa hakuna aliyekohoa. Mmoja alikuwa na 39.9 na jicho lenye machozi, basi. Alipewa dozi kamili ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 siku hiyo, kwa uzito wa utepe, ikarudiwa baada ya saa 72 kwa agizo la daktari. Hakukohoa hata siku moja, wala hakukosa mlo. Matibabu yake yaligharimu sehemu ndogo ya yale ya mwenzake, na tofauti kati yao ilikuwa siku tatu za kusubiri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ndama amepona lini, simjibu kwa ndoo ya maziwa. Namwambia: asubuhi tatu mfululizo joto liwe chini ya 39.5 bila dawa ya homa mwilini, pumzi akilala zishuke chini ya 40, na anywe kwa kasi yake ya zamani. Saa 48 zikipita tangu dawa ianze na homa haijashuka, au imeshuka na kurudi, arudi kwa daktari, asiongezewe chupa nyingine ya kubahatisha. Andika haya ukutani kwa chaki kama huna daftari: tarehe, joto, pumzi, dawa, mililita. Baada ya wiki mbili mpime kifua kwa utepe, na tena mwezi ukiisha, umlinganishe na wenzake wa umri wake. Anayebaki nyuma huku akionekana mzima ana pafu lililoziba sehemu.

Na yupo ambaye atarudi mara ya tatu hata kama umefanya yote. Huyo asiendelee kupigwa sindano kwa matumaini. Pafu lake limekwisha kuharibika, hatakuja kuwa ng'ombe wa maziwa wa maana, na kila siku anayokohoa anawamwagia wenzake vijidudu. Atengwe, na daktari akikubali, anenepeshwe kadiri atakavyoweza, kisha auzwe kwa nyama baada ya kupita siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ya mwisho aliyopewa. Asipelekwe mnadani kama mtamba wa kufuga, kwa mtu ambaye Juni atamzibia banda.